Meza ya Idi ambayo Bibi anaona midomo ya kila mtu

Bibi yangu mzaa mama anaishi nasi Mikindani, na masikio yake yamepungua nguvu kwa miaka mingi sasa. Ukimsemesha akiwa amekupa mgongo, hakusikii. Ukikaa mbele yake, uso wako ukiwa kwenye mwanga, anakujibu neno kwa neno na utani wako anakurudishia pale pale. Anasikiliza kwa macho. Anafuata midomo, anafuata mikono, anaangalia nyusi. Ndiyo maana siku ya Idi, ndugu wanapojaa nyumbani na mimi nikapewa kazi ya kupamba meza ya chakula, swali ninaloanza nalo ni hili: Bibi ataona midomo ya nani, na ya nani itafichwa?

Kula mezani hatukuzoea tangu zamani. Kwa watu wa pwani yetu, Idi ni mkeka na sinia, watu wanazunguka pilau na kila mmoja anakula mbele yake. Mkekani hakuna kinachoziba uso wa mtu, kwa sababu sinia liko chini na nyuso ziko juu. Lakini magoti ya wazee yamechoka. Bibi akikaa chini, kunyanyuka ni kazi ya watu wawili, na mjomba wangu anayetoka Newala naye mguu haukunji vizuri. Tukaamua wazee, wageni na watoto wadogo wale mezani, na vijana wabaki na mkeka wao hatua chache pembeni, ndani ya ukumbi ule ule. Meza ina raha yake, ila inaleta shida ambayo mkeka haukuwa nayo: kila unachokisimamisha katikati kinakuwa ukuta kati ya watu.

Na siku hiyo watu wana mengi ya kusema. Kwetu mjomba ana neno zito katika mambo ya familia, na Idi ndiyo siku anayowapata wote kwa pamoja. Zitasemwa habari za mashamba ya korosho, za mtoto anayetaka kwenda chuo, za posa iliyoletwa na haijajibiwa. Katikati ya hayo kuna utani wa bibi na wajukuu, ambao hauna ladha yoyote kama mmoja haoni mwenzake anachekaje. Bibi akikosa sentensi mbili tatu, huwa haulizi. Ananyamaza, anaangalia sahani yake, na mtu asiyemjua atadhani ameshiba.

Nimeona katika kumbi za harusi pambo la katikati likiwa chombo kirefu cha kioo chenye maua yaliyomwagika juu. Wapambaji wazuri wanajua kulinyanyua mpaka lipite juu ya vichwa vya walioketi, na shingo ya chombo inakuwa nyembamba ili watu waonane chini ya maua. Kwenye ukumbi mkubwa linapendeza. Nyumbani kwetu dari ni ya chini, feni inazunguka, watoto wanavuta kitambaa, na chombo cha namna hiyo kinaanguka. Tatizo hasa ni pambo la kati na kati, lenye sentimita 30 hadi 50 kutoka juu ya meza. Hapo ndipo zilipo nyuso. Pambo la nyumbani linatakiwa liwe chini ya hapo kwa uhakika, na kwa nyumba yenye mtu kama Bibi, chini zaidi ya wanavyosema wengi.

Nitaeleza nilivyopima, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na kila mtu anaweza kuifanya kwake. Nilimwomba Bibi akae kwenye kiti chake, mgongo umeegemea kama anavyokaa akiwa ametulia, nikachukua futi kamba ya cherehani nikapima kutoka juu ya meza hadi machoni pake. Bibi ni mfupi. Ilikuja kama sentimita 30. Kisha nikamkalisha upande wa pili mtoto wa dada yangu, mdogo kuliko wote wanaokaa mezani, nikapima kutoka juu ya meza hadi mdomoni pake. Ikaja sentimita 15. Pambo linakaa katikati ya meza, nusu ya njia kati yao, kwa hiyo mstari wa macho ya Bibi unapita juu ya pambo kwenye urefu ulio nusu kati ya hizo mbili: 30 jumlisha 15, gawa kwa mbili, unapata 22 na nusu. Hata Bibi akimtazama mtu aliyekaa kwa mshazari, mradi yuko upande wa pili, hesabu haibadiliki, maana bado mstari unavuka katikati ya meza ukiwa nusu ya safari.

Angalia kwamba nimepima mdomo wa mtoto, sikupima macho. Ushauri wa kawaida ni kwamba watu waweze kutazamana machoni, na kwa watu wenye masikio mazima hiyo inatosha. Mtu anayesoma midomo anahitaji kuona mpaka kidevu, na ikiwezekana mikono pia. Tofauti ya macho na mdomo wa mtoto ni sentimita chache tu, lakini ndizo zinazoamua kama Bibi ataingia kwenye mazungumzo au atabaki nje.

Basi mpaka wangu ni sentimita 22, ila siujazi. Mtu akila anainama. Bibi akishiba anateremka kidogo kwenye kiti. Mtoto akitafuta mfupa anakaribia kulala juu ya sahani. Nimeuweka mwisho wangu kuwa sentimita 15, na nina kipimo ambacho hakipotei nyumbani: kalamu mpya ya wino yenye kifuniko chake ina urefu unaokaribia huo huo. Naisimamisha kando ya pambo. Ua lolote linaloipita kalamu linakatwa shina au linaondoka. Mtoto naye namwekea mto mgumu juu ya kiti, uso wake upande kidogo. Kumpandisha mtu ni rahisi kuliko kushusha maua ambayo tayari yamefungwa.

Upana nao una neno lake, na watu wengi hawaufikirii mpaka sahani zinapokosa pa kukaa. Meza yetu kubwa ina urefu wa sentimita 180 na upana wa 90. Haitoshi, kwa hiyo tunaiungia meza ndogo ya sentimita 120 kwa 80, jumla inakuwa mita tatu. Mtu mzima anataka kama sentimita 60 za ukingo wa meza ili kiwiko chake kisimguse jirani, hasa tunapokula kwa mkono. Mtoto anatosheka na 45. Hivyo kila upande wanakaa watano na wawili wanakaa miisho, jumla 12. Sasa chukua upana. Sahani ya pilau ina sentimita 27, inakaa ndani ya ukingo kwa vidole viwili hivi, na mbele yake kuna glasi. Kila upande umeshakula sentimita 37. Pande mbili ni 74. Kwenye meza ya upana wa 90 zinabaki 16 za pambo. Kwenye ile ya 80 zinabaki sita, ambazo hazitoshi hata kibakuli cha pilipili bila kusogeza glasi. Kwa hiyo pambo lote linakaa kwenye meza kubwa, na kwenye meza ndogo nalaza majani tu, bapa, yanayoweza kukaliwa na bakuli bila kuharibika.

Zile meza mbili hazilingani kimo. Ndogo iko chini kwa unene wa vidole viwili, na ninaziinua nyayo zake kwa vipande vya mbao nilivyomwomba fundi seremala avikate sawasawa. Usitumie karatasi zilizokunjwa. Uzito wa vyombo unazibonyeza na meza inaanza kucheza katikati ya chakula. Juu yake nalaza blanketi jembamba kisha kitambaa cheupe cha pamba kinachoning'inia kama sentimita 25 kila upande. Blanketi linaficha maungio, na linafanya jambo jingine ambalo kwa Bibi ni kubwa: linameza kelele. Sahani na glasi zikigonga mbao tupu, mlio wake mkali ndio unaofika masikioni mwake kabla ya sauti ya mtu.

Chombo cha pambo lenye sentimita 16 za upana na 15 za kimo nilikihangaikia kwa muda. Bakuli ni la mviringo, na likiwa la upana huo linabeba maua machache mno. Trei ya kuokea keki ilifaa kwa umbo, ila bati linalong'aa halikupendeza machoni. Jibu lilikuwa chini ya minazi. Karara, lile ganda gumu linalofunika kichala cha maua ya mnazi, likifunguka na kukauka hudondoka likiwa na umbo refu, jembamba, lenye ncha mbili na tumbo la kina kifupi. Ng'ambo ya Msangamkuu na huku kwetu Mikindani yanaokotwa bure. Nachagua yenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana usiozidi 14. Mawili yanatosha meza kubwa, na kati yake inabaki nafasi ya vibakuli.

Karara la kuokota haliendi mezani moja kwa moja. Ndani yake hukaa sisimizi, mchwa, na mara nyingine tandu, kwa hiyo nalipigapiga chini nje, nalisugua kwa brashi na maji ya sabuni, kisha nalianika juani mpaka likauke kabisa. Idi ikiangukia kipindi cha mvua, kama ile ya 2025 iliyokuwa tarehe 31 Machi, kulianika ndilo suala gumu. Karara lenye unyevu linaota ukungu mweusi kwa siku chache na linanuka. Naanza kuyatafuta Ramadhani ikiwa bado changa, nikipata jua la asubuhi moja moja, na yakishakauka nayaweka jikoni juu ya kabati ambako kuna joto. Likiwa na ufa mdogo halina neno. Lililopinda kama upinde naliacha, kwa sababu ncha zake zinanyanyuka na zitapita kalamu.

Tumbo la karara ni la mviringo, linabingirika. Nalikata kumbi la nazi vipande viwili vidogo, navibana chini yake kulia na kushoto, vinajificha chini ya majani. Jaribu kuligusa kwa kidole kama mtoto atakavyoligusa. Likicheza, ongeza kipande.

Ndani ya karara unahitaji kitu cha kushikilia mashina na kuyapa maji. Wapambaji wa mjini wanatumia sifongo maalumu ya kijani. Mimi natumia shina la mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu mmoja, shina lile halizai tena, linakatwa kupisha machipukizi, kwa hiyo hakuna anayepungukiwa. Nabandua maganda ya nje mpaka nifike kwenye weupe, nakata gogo la sentimita 45, nalipasua kwa urefu kupata vipande viwili, kimoja kwa kila karara. Ukiangalia sehemu iliyokatwa utaona matabaka yenye vijumba vijumba vilivyojaa maji. Hivyo ndivyo vinavyoyalisha maua. Kipande kikizidi kimo cha karara, nakipunguza kwa kisu upande wa chini mpaka kikae chini ya ukingo.

Hapa kuna hatari moja ambayo lazima niiseme kwa mkazo: utomvu wa mgomba. Ukitoka unaonekana kama maji tu. Ukigusa kitambaa cheupe huoni kitu, na baada ya kukauka linatokea doa la kahawia ambalo sabuni wala jik haliliondoi. Kwa hiyo shina nalikata jioni ya kuamkia Idi, nikiwa nimevaa nguo za shambani, na nalisimamisha uani usiku kucha lichuruzike. Asubuhi nalifuta kwa kitambaa kikavu. Halafu ndani ya karara natandika kipande cha mpira wa meza uliochakaa, kingo zake zikipanda juu kidogo pande zote, ndipo naweka mgomba. Zamani watu walitandika mifuko ya plastiki, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na mpira wa meza ni mgumu na salama zaidi.

Shina la ua laini halipenyi mgomba lenyewe, linavunjika. Toboa kwanza kwa kijiti cha mishikaki, kwa mshazari, sio wima. Mshazari ndio siri ya kupata pambo la chini lisiloonekana limebanwa: maua yanalala kuelekea kwenye miisho ya karara, yanajaza urefu badala ya kupanda juu. Naanza na majani machanga ya mkorosho, yale yenye wekundu wa shaba, nayapanga kando yazibe ukingo. Kisha maua makubwa machache katikati, yaliyokatwa shina mpaka ua likaribie kugusa mgomba. Madogo yanafuata kwenye mapengo. Kila baada ya muda nainama mpaka macho yangu yawe usawa wa meza, naisimamisha kalamu, nakata kinachozidi.

Kuhusu maua yenyewe, tumia ulichonacho uani, ila kwa tabia zake. Bogenvilia ina rangi ya kushangaza na inapatikana kila ua wa nyumba Mtwara, lakini ikikatwa inanyauka haraka. Ikatwe jioni, majani yake ya kijani yaondolewe yote, kwa sababu ndiyo yanayonyauka kwanza na kunyonya maji, kisha vitawi vilazwe ndani ya beseni la maji kwa saa nzima. Miiba nayo itolewe, mezani kuna mikono ya watoto. Maua yoyote utakayochuma yatikise na uyatumbukize kwenye maji kabla ya kuyaingiza ndani. Sisimizi wakitoka kwenye maua wakakuta kaimati, hutawaondoa.

Asumini naipenda kuliko ua lolote, na Bibi anaipenda kunizidi, lakini haikai kwenye pambo la meza ya chakula. Harufu yake inapanda kadiri chumba kinavyopata joto, na ikikutana na pilau lenye bizari na mdalasini, vyote viwili vinapoteza. Wenye kichwa chepesi wanaanza kulalamika. Asumini tunaitunga kwenye vikuba pamoja na rehani, wanawake wanavaa, na kimoja nakitundika pale penye birika na beseni la kunawia. Udi unafukizwa asubuhi na kuzimwa kabla sufuria haijafunuliwa.

Kitu ninachokiongeza karibu kila mara ni ndimu. Nazipanga tatu nne kwenye miisho ya kila karara, nyingine zikiwa bado na kijani, nyingine zimeiva njano. Ni za chini, hazibingiriki zikishabanwa na majani, na samaki wa kupaka akifika, mtu ananyoosha mkono anachukua moja, inakatwa. Kitu kimoja usikiweke, hata kama unaona kinapendeza na ni fahari ya mkoa: korosho mbichi zenye maganda yake. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mtoto akiliweka mdomoni Idi yenu imeisha hospitalini. Bibo nalo linavutia kwa rangi, lakini linachuruzika, linatia doa na linaita nzi.

Sasa, unaweza kufanya yote haya kwa uangalifu, kalamu ikapita juu ya kila ua, halafu likaletwa hotipoti kubwa la pilau likawekwa katikati, na likafuata jagi la juisi ya ukwaju, chupa ya maji ya lita moja na nusu na boksi la tishu. Ukuta umesimama. Hotipoti la familia linapita sentimita 20 kirahisi, na chupa ile inapita 30. Maua ya chini hayana maana yoyote kama vyombo vya chakula ni virefu. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuwashawishi wenzangu jikoni, kwa sababu mama wakubwa wanaona chakula kikiwa mbali na meza ni kama mgeni amenyimwa.

Tulichokubaliana ni hiki. Meza ya pembeni inawekwa ukutani, karibu na kiti cha anayepakua, siyo jikoni, ili kila mtu aione. Hapo vinakaa hotipoti, majagi na chupa zote. Pilau linapakuliwa pale na kuletwa kwenye sahani, na anayetaka mara ya pili au ya tatu anafuatwa alipo bila kuomba. Mezani panabaki vyombo vya chini tu: kachumbari kwenye mabakuli bapa, mchuzi wa nazi kwenye vibakuli vya udongo, pilipili, na sahani ndefu ya samaki. Glasi zinajazwa na kijana mmoja aliyepewa kazi hiyo, anazunguka na jagi. Mama mkubwa kutoka Lindi, aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya jambo hili, alisema, "Haya, lakini nikiona sahani ya mtu iko wazi, hotipoti lenu nalileta mezani." Ni sharti la haki, na linamfanya anayepakua awe macho.

Chai ndiyo inayobaki bila ufumbuzi mzuri. Chupa za chai ni ndefu na wazee wanataka wajimiminie wenyewe. Wakati huo naondoa karara moja, naweka chupa kwenye mwisho wa meza, mbele ya mjomba, ambapo inamziba yeye kwa aliye mwisho wa pili na hakuna mwingine. Mjomba ana sauti nzito. Hata Bibi anaipata.

Nafasi ya kiti cha Bibi inafanya nusu ya kazi ambayo maua ya chini peke yake hayawezi. Watu wanataka kumheshimu kwa kumweka mwisho wa meza, kichwani. Huko yuko mbali na nusu ya watu, na walio upande wake mmoja wanafichana wao kwa wao, kila bega likiziba uso wa jirani. Mimi namweka katikati ya upande mrefu, mgongo wake ukielekea dirishani. Mwanga unapita juu ya bega lake na kuangukia nyuso za walio mbele yake. Akiwa ametazama dirisha, nyuso zile zinakuwa vivuli na midomo haisomeki, hata meza ikiwa tupu. Mbele yake nawaweka wale ambao maneno yao ni mengi kwake: mama yangu, mjukuu wa kutaniana naye, na mgeni aliyetoka mbali. Ubavuni mwake, upande wa sikio lililo afadhali, anakaa dada yangu wa kumrudia maneno. Kichwani mwa meza anakaa mjomba, na hakuna aliyeona Bibi amevunjiwa heshima alipoelezwa sababu. Feni inapunguzwa mwendo na televisheni inazimwa.

Wageni wakiwa bado msikitini, nafanya jaribio. Nakaa kwenye kiti cha Bibi na kuteremka mpaka macho yangu yafike kimo chake; nimekwisha kuweka alama kwa uzi kwenye mbao ya kiti. Mdogo wangu wa kiume anakaa kila kiti cha mbele, kimoja baada ya kingine, na kusema jambo bila kutoa sauti. Nikilielewa, kiti kimepita. Idi ile ya mvua, viti vyote vilipita isipokuwa kimoja. Nilimwona mpaka puani, midomo sikuiona. Nikasimamisha kalamu kwenye karara, maua yote yalikuwa chini yake. Kilichoziba kilikuwa jani moja la mkorosho lililoinuka baada ya kunywa maji. Lilikuwa limelala nilipolichomeka asubuhi. Majani machanga yanafanya hivyo, yanajinyoosha, na maua mengine pia hugeukia mwanga kwa saa chache. Tangu hapo napanga pambo mapema asubuhi, naliacha litulie, na mkasi wa mwisho unapita dakika chache kabla ya watu kuingia.

Bibi mwenyewe akaja akasimama mlangoni, akaangalia meza, akamwita mjukuu wake. "Wewe njoo ukae hapa mbele yangu. Mwaka huu nataka nione unavyodanganya."

"Shikamoo Bibi, mimi sidanganyi."

"Marahaba. Umeshaanza."

Kwa wanaotaka kujaribu wakati mwingine wa mwaka, fahamu kwamba Idi inarudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo vifaa havitakuwa vile vile daima. Mvua zikiwepo, majani ni laini na mgomba umejaa maji, ila bogenvilia inapunguza maua na karara hazikauki. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni, bogenvilia inakuwa tele na karara zinakauka zenyewe chini ya mnazi, lakini mgomba unakauka haraka. Uloweke kwenye beseni la maji baada ya utomvu kuchuruzika, na uunyunyizie maji kidogo kabla ya kuuweka mezani. Mpira wa meza chini yake unabaki pale pale, mvua au kiangazi.